Apple Watch ya mzazi mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuanguka, mapigo ya moyo na watu wa dharura

Ukurasa huu ni wa watoto na wajukuu waliomnunulia mzazi Apple Watch na sasa wanataka kuhakikisha kwamba siku akianguka, kuna mtu atakayejua. Tumejifunga kwenye saa ya Apple kwa sababu kila kampuni ina mpangilio wake, na maelezo yanayochanganya saa zote humwacha msomaji hajui abonyeze wapi. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana saa hii haina menyu ya Kiswahili.

Katika majibu mengi tutatumia mfano mmoja: mama wa miaka 74 anayeishi Tanga, mtaa wa Chumbageni, pamoja na mjukuu anayeshinda shuleni. Mwanawe mmoja yuko Dar es Salaam, binti yake yuko Muscat. Anameza dawa ya presha kila siku. Ana iPhone aliyoachiwa na binti, na saa ya GPS isiyo na laini yake.

Mama akianguka, saa itanipigia mimi?

Hapana. Hili ndilo watu wengi hawalijui mpaka siku ya tukio. Saa hupiga namba ya dharura ya nchi mliyopo, na huwezi kuiondoa namba hiyo ukaweka ya kwako. Wewe uliyeandikwa kama mtu wa dharura hupigiwi. Unatumiwa meseji, na meseji hiyo hutoka baada ya ile simu ya dharura kukatika. Ndani yake utaona kwamba mzazi amepiga simu ya dharura, pamoja na mahali alipo kwenye ramani.

Kwa Tanzania namba ya dharura ni 112, na wanaopokea ni polisi. Usijenge picha ya gari la wagonjwa linalotoka mbio dakika ile ile. Saa itasoma ujumbe kwamba mwenye saa ameanguka vibaya na kutaja alipo kwa latitudo na longitudo, lakini askari aliyepokea bado atahitaji mtu wa kumwambia ni nyumba ipi, inaingiliwa njia gani. Kwa hiyo katika mazingira yetu meseji ile inayokwenda kwa watu wa dharura ndiyo yenye uzito mkubwa, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu jinsi ya kuhakikisha inafika kwa mtu anayeweza kufanya jambo.

Tangu anapoanguka mpaka simu kupigwa, hutokea nini hasa?

Saa ikihisi mwanguko mzito, humgusagusa kwenye kifundo cha mkono, hulia, na kuonyesha ujumbe kwenye kioo. Hapo mama ana njia mbili: kuburuta kitufe cha Emergency Call ili simu ipigwe palepale, au kugusa I'm OK kama yuko salama.

Asipofanya lolote, saa huangalia kama anajongea. Ikiona ametulia tuli kwa takriban dakika 1, inaanza kuhesabu sekunde 30 huku ikigonga mkono na kulia kwa sauti inayozidi kupanda, ili hata mtu wa chumba cha pili asikie. Sekunde zikiisha inapiga yenyewe. Ina maana kwamba mtu aliyezirai hukaa kama dakika moja na nusu kabla simu haijaanza kuita. Kisha yaongezwe mazungumzo na 112, au muda wa kuita tu kama simu imechelewa kupokelewa, ndipo meseji ianze safari ya kuja kwako.

Ameanguka, anajigeuza kwa maumivu lakini hawezi kunyanyuka. Saa itapiga?

Huenda isipige, na hili tunaomba ulisome mara mbili. Saa ikihisi kwamba mtu anajongea, inasubiri ajibu mwenyewe. Haipigi kwa niaba yake. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi ana fahamu zote. Anajikokota, anajaribu kushika kiti, anainua mkono. Kwa saa hiyo ni dalili kwamba yuko macho na ataamua mwenyewe.

Kwa hiyo mama lazima afundishwe kuomba msaada kwa mkono wake. Pembeni mwa saa kuna vitufe viwili: kile cha duara kinachozunguka, na kingine kirefu kilichobanana na ubavu wa saa. Kinachotakiwa ni hicho kirefu. Akikibonyeza bila kukiachia, vitajitokeza vitufe vya kuburuta. Akiendelea kukishikilia, saa itaanza kuhesabu na kisha kupiga namba ya dharura. Kwenye iPhone, ndani ya programu ya Watch, sehemu ya Emergency SOS, hakikisha Hold Side Button to Dial imewashwa, vinginevyo kushikilia peke yake hakutapiga simu na itabidi aburute.

Usimfundishe kwa kumsomea maneno ya Kiingereza. Mwekee kidole chake juu ya kitufe chenyewe, afumbe macho, akitafute. Atakapokuwa chini sakafuni bila miwani, kidole ndicho kitakachokumbuka.

Huduma ya kuanguka inawashwa vipi? Nimeambiwa inajiwasha yenyewe.

Inajiwasha kama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa inaonyesha miaka 55 au zaidi. Shida huanzia kwa kijana wa dukani au mtoto mwenye haraka, ambaye huiunganisha saa kwa akaunti yake mwenyewe. Hapo saa inaamini kwamba mvaaji ana miaka 31, haiiwashi huduma hii kwa muda wote, na watu wa dharura wanaobaki mle ni wa yule kijana.

Fungua programu ya Watch kwenye iPhone ya mama, nenda Emergency SOS, kisha uangalie Fall Detection. Ukiiwasha utaulizwa kama iwe muda wote au wakati wa mazoezi tu. Chagua Always on. Halafu nenda sehemu ya Passcode uhakikishe Wrist Detection imewashwa. Ikiwa imezimwa, saa haitapiga simu yenyewe hata ikihisi kishindo kikubwa namna gani, kwa kuwa haina njia ya kujua kama iko mkononi.

Watu wa dharura wanawekwa wapi?

Hawawekwi kwenye saa, wala hawawekwi kwenye simu yako. Wanawekwa kwenye iPhone iliyounganishwa na saa ya mama, ndani ya programu ya Health. Kwanza hifadhi namba zao kwenye kitabu cha majina cha simu hiyo, kila moja ikianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi: +255 kwa Tanzania, +968 kwa Oman. Namba iliyohifadhiwa kwa kuanza na sifuri hufanya kazi mama akiwa nyumbani, lakini akienda kumtembelea binti Muscat itakwama.

Kisha fungua Health, gusa picha ya mama juu kulia, ingia Medical ID, gusa Edit, shuka hadi Emergency Contacts na uongeze mtu mmoja mmoja. Utaulizwa uhusiano wake na mama. Ukimaliza gusa Done. Wengi hurudi nyuma bila kugusa hapo na kazi yote inapotea.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, washa Show When Locked. Kwa kufanya hivyo, jirani aliyemkuta mama chini anaweza kugusa Emergency kwenye kioo kilichofungwa, kisha Medical ID, akasoma namba za kupiga na ugonjwa alionao bila kujua neno la siri. Jaza dawa zake na mzio wake kwa Kiswahili cha kawaida. Daktari atakayempokea ataelewa “presha, anameza atenolol asubuhi, penisilini inamdhuru” bila taabu.

Nani hasa awekwe? Sisi watoto tuko mbali.

Anza na mtu anayeweza kufika mlangoni kwa miguu. Kwa mama yetu wa Chumbageni tungepanga hivi: jirani wa ukuta kwa ukuta aliye na ufunguo wa geti, kisha kijana wa bodaboda au bajaji ambaye familia inamwamini na anaijua nyumba, kisha mwana wa Dar es Salaam, kisha binti wa Muscat. Meseji huenda kwa wote, kwa hiyo kuandika watoto pekee hakuongezi usalama wowote: Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga, na mtu wa kwanza ambaye yule mwana angempigia akishtuka ni jirani huyohuyo. Basi jirani aipate moja kwa moja.

Mwombe jirani ruhusa na umwonyeshe meseji itakuwaje. Inakuja kwa Kiingereza, kutoka namba ya mama, na ina kiungo cha ramani. Mtu asiyejulishwa anaweza kuidhania ni ya matapeli akaifuta. Mwambie kwa lugha nyepesi: “Ukiona meseji ya Kiingereza kutoka namba ya mama yenye neno Emergency, usiijibu, nenda kamwangalie.” Kama jirani ana simu ya kitochi, kiungo hakitafunguka, lakini hana haja ya ramani, nyumba anaijua.

Sisi tulio mbali tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kupiga simu: mmoja ampigie jirani, mwingine abaki na 112 au hospitali. Amueni leo nani anafanya lipi, maana watoto watatu wakimpigia jirani kwa pamoja, simu yake inakuwa bize wakati anahitaji kuitumia. Ya pili ni kuhakikisha simu zetu wenyewe zinalia usiku. Ukitumia iPhone, fungua jina la mama kwenye majina yako, gusa Edit, ingia Text Tone na uwashe Emergency Bypass. Meseji yake italia hata kama simu umeizima sauti. Fanya hivyohivyo kwenye Ringtone.

Meseji haikumfikia mtu hata mmoja. Tatizo linaweza kuwa nini?

Kwanza kabisa angalia salio. Kupiga 112 hakuhitaji vocha, lakini meseji ya kawaida inahitaji, na hiyo ya dharura hutoka kwenye laini ya mama kama meseji nyingine yoyote. Simu isiyo na salio itapiga polisi vizuri kabisa kisha ishindwe kumwambia jirani. Vifurushi vingi vya meseji ni vya ndani ya nchi tu, kwa hiyo ile inayokwenda Muscat hukata salio la kawaida, isipokuwa kama binti naye ana iPhone na simu ya mama ina bando la intaneti, hapo inaweza kupita kwa mtandao. Watoto wekeni utaratibu wa kumrushia mama vocha kila mwezi na mwambieni wazi kwamba hiyo haiguswi.

Sababu ya pili ni namba iliyobadilika. Watu hubadilisha laini, na Medical ID hubaki na ile ya zamani. Ya tatu ni kwamba simu haikuwa karibu na saa, na hilo linastahili swali lake.

Simu lazima iwe karibu na mama muda wote?

Kwa saa ya GPS, ndiyo. Saa haina laini. Inazungumza na simu kwa Bluetooth, ambayo kwenye uwazi hufika karibu mita 10, na kwenye nyumba ya tofali na nondo hupungua. Simu ikiwa chumbani kwenye chaji na mama yuko banda la kuku mwisho wa uwanja, saa itahisi mwanguko, italia, itahesabu sekunde 30, kisha haitakuwa na njia ya kupitishia simu.

Pima nyumba yenu. Acha simu mahali mama anapopenda kuiweka, vaa saa, tembea hadi chooni, jikoni, uani, bombani, kwa kuku. Kila mahali simama, bonyeza kile kitufe kirefu cha pembeni mara moja ili Control Center ifunguke (kwenye saa za programu ya zamani hufunguka kwa kuvuta kioo kutoka chini kwenda juu). Ukiona alama ya simu ya kijani, mnawasiliana. Ikiwa nyekundu, hapo akianguka hakuna atakayejua. Waifai ya nyumbani ikiwepo, saa hushika pia kupitia hiyo na eneo hupanuka, lakini usiitegemee peke yake, umeme ukikatika nayo inazima.

Suluhisho la wengi ni la kitambaa: mfuko wenye zipu ulioshonwa ndani ya dera, au mkoba mdogo wa shingoni. Mama akizoea kutembea na simu mwilini, umbali hauwi tatizo tena.

Tahadhari za mapigo ya moyo nazo zinakwenda kwa watu wa dharura?

Haziendi. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa, ingawa zinatoka kwenye saa moja. Mwanguko unapigiwa 112 na kutangazwa kwa watu wa dharura. Mapigo ya moyo yakizidi au kupungua, saa humwambia mvaaji peke yake, kwa maandishi kwenye kioo na mguso mkononi. Haipigi simu na haitumi meseji. Familia inaweza kukaa miezi ikiamini kwamba “kimya ni salama” huku tahadhari zikija na mama akizifuta kwa kuwa hasomi Kiingereza.

Ukitaka zikufikie, lazima mama akushirikishe. Kwenye iPhone yake fungua Health, nenda Sharing, gusa Share with Someone, chagua jina lako, kisha chagua mambo ya moyo na uwashe tahadhari za mapigo ya juu na ya chini. Wewe utapata mwaliko kwenye iPhone yako na kuukubali. Mtu wa Android hawezi kuupokea. Huduma hii ilikuja na iOS 15 mwaka 2021, kwa hiyo simu zote mbili ziwe na toleo hilo au jipya zaidi, na simu ya mama iwe na bando, kwani taarifa hupitia intaneti. Bando likiisha, utaziona likirudi.

Mwulize mama kwanza kama anaridhia. Ni mwili wake, na yapo mambo ambayo mtu mzima hapendi mwanawe ayaone. Akikubali tahadhari peke yake na kukataa mengine, inawezekana kabisa. Kila kitu kinachaguliwa kimoja kimoja.

Niweke kiwango gani cha mapigo?

Kwenye programu ya Watch, sehemu ya Heart, utakuta High Heart Rate ikiwa 120 na Low Heart Rate ikiwa 40. Saa haitoi tahadhari kwa pigo moja la ghafla. Mapigo lazima yabaki juu au chini ya kiwango hicho kwa dakika 10 wakati mama anaonekana ametulia. Akipanda ngazi au akifagia uwanja, haihesabu.

Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, lakini dawa nyingine za presha, kama atenolol, bisoprolol na propranolol, kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo. Mama anayemeza atenolol anaweza kukaa kwenye 54 mchana kutwa na kushuka zaidi usingizini, naye yuko vizuri. Ukiweka tahadhari ya chini kwenye 50, italia kila usiku hadi aivue saa na kuitia kabatini. Mwache kwenye 40, na siku ya kliniki mwulize daktari kama kwa dawa zake inafaa kupanda hadi 45. Ya juu nayo ni ya kuuliza: mtu ambaye mapigo yake hukaa 58 akifika 110 amelala, kwake hilo ni jambo, ilhali 120 haijaguswa.

Tahadhari ya mapigo imetoka saa nane usiku. Tufanye nini?

Mwangalieni mama kabla ya kuiangalia saa. Ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, jasho la baridi, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, amezirai, au upande mmoja wa mwili umelegea? Mojawapo likiwepo, ni hospitali usiku huo huo, haijalishi saa inasema nini.

Kama hana dalili yoyote, akae, mkaze mkanda vizuri, kisha pimeni kwa mkono: vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Ikikaribiana na namba ya saa, basi ni kweli. Pimeni na joto. Homa hupandisha mapigo, malaria ikiwemo, na vivyo hivyo kuharisha na kukosa maji ya kutosha. Andikeni muda, namba, na alivyokuwa anajisikia, mumpeleke kliniki kesho yake. Maandishi hayo yatamsaidia daktari zaidi ya kuambiwa kwamba “saa ililia”.

Saa inaweza kujua kama anapata shtuko la moyo?

Haiwezi, na Apple wenyewe wanasema hivyo. Mtu anaweza kuwa na shtuko la moyo huku mapigo yake yakiwa 80. Saa ikinyamaza na kifua kikauma, sikilizeni kifua.

Namba za mapigo zinarukaruka, au hazionekani kabisa. Saa ni mbovu?

Mara nyingi ni mkanda uliolegea. Saa hupima kwa kumulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita, kwa hiyo mgongo wake lazima uguse ngozi, juu kidogo ya mfupa wa kifundo, bila kubana hadi kuacha alama. Wazee wengi wana mikono iliyokonda, na mkanda wa kawaida unakuwa mpana. Tafuta mfupi zaidi. Wino kwenye ngozi nao huzuia mwanga, na Apple hutaja michoro ya ngozi kama sababu. Kwa akina mama wa Pwani ni vyema kuacha nafasi ya saa wakati wa kupaka piko kwa ajili ya harusi, au kuhamishia saa mkono wa pili.

Aichaji lini? Na kwenye maji je?

Betri ya saa nyingi za Apple imekadiriwa saa 18, yaani kila siku lazima ivuliwe. Kosa ni kuichaji usiku kucha. Kutoka kitandani kwenda chooni gizani ni wakati mbaya wa kuwa bila saa. Afadhali ichajiwe jioni mama akiwa ameketi na watu, kwa mfano kuanzia taarifa ya habari ya saa 2 usiku hadi anapokwenda kulala, na iongezwe kidogo wakati wa chai ya asubuhi.

Bafuni aingie nayo. Inastahimili maji, sabuni ndiyo isiyofaa kwake, isuuzwe kwa maji safi baadaye. Kwa udhu wapo wanaoivua, na hapo ndipo husahaulika juu ya sinki. Inatosha kuilegeza na kuisogeza ili maji yafike chini yake. Kila ikivuliwa hujifunga na kudai namba ya siri ikivaliwa tena. Ili asihangaike, washa Unlock with iPhone sehemu ya Passcode, afungue simu tu na saa ifunguke.

Jambo moja la umeme wa mgao: chaji ikiwa ndogo, mtu hushawishika kuwasha Low Power Mode. Ikiwashwa, huduma ya kuanguka inaendelea lakini tahadhari za mapigo ya moyo zinazimwa. Umeme ukirudi, izimeni.

Itakuwa inapigia polisi kila mara akitwanga au akisujudu?

Sijda ni mwendo wa taratibu, hauna kishindo kinachotafutwa. Kutwanga, kupasua kuni au kupiga mkono mezani kwa nguvu kunaweza kuiamsha, lakini kwa kuwa mtu huyo anaendelea kujongea, saa itauliza tu na kusubiri. Aguse I'm OK. Simu ikishapigwa kwa bahati mbaya, msiikate kimya kimya; mwambieni aliyepokea kwamba hakuna dharura, kisha mkiulizwa kuhusu meseji ya watu wa dharura, mzuie isitoke.

Upande wa pili ni kwamba saa haikamati kila mwanguko. Mzee anayeteleza polepole kutoka kwenye kiti, anayeshuka ukutani hadi chini, au anayebiringika kutoka kitanda kifupi anaweza asitoe kishindo cha kutosha. Ndiyo sababu ya kusisitiza kile kitufe cha pembeni.

Tunajaribuje bila kusumbua 112?

Usimwangushe mtu wala usijitupe kwenye godoro. Mwanguko laini hautambuliwi, na hautakuambia kitu. Jaribu kila kipande peke yake. Piga simu ya kawaida kutoka kwenye saa kwenda kwa jirani, uone kama inatoka. Tuma meseji ya kawaida kutoka simu ya mama kwenda kwa kila mtu wa dharura, pamoja na binti wa Muscat, na usubiri kila mmoja ajibu kwamba imefika. Funga simu ya mama na umpe mjukuu afungue Medical ID bila namba ya siri. Mwambie jirani ajaribu ufunguo wa geti. Rudieni zoezi hili kila mtu anapobadilisha laini, na kila simu inapofanyiwa marekebisho ya programu.

Nimeona saa ya mtumba kwa bei nzuri. Ninunue?

Uliza toleo. Kutambua mwanguko kulianza na Series 4 ya mwaka 2018; Series 3 haina, hata iwe safi kiasi gani. SE zote na Ultra zote zinayo. Kabla ya kulipa, iunganishe na iPhone palepale dukani. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, imefungwa na haitakufaa. Ikidai upakue programu isiyo Watch ya Apple, ni kopi, na maneno ya “fall detection” kwenye boksi lake hayana kitu nyuma yake. Mzazi anayetumia Android hawezi kuiunganisha Apple Watch na simu yake. Kwake tazama Samsung Galaxy Watch 4 au iliyofuata, ambayo ina huduma ya kuanguka lakini mipangilio yake ni tofauti na hii.